Saudade katika barua za mfanyakazi wa Msumbiji: uchambuzi wa kisa kimoja cha tafsiri

Usuli

Februari 1979 Msumbiji na Ujerumani Mashariki zilitia saini mkataba wa kupeleka vijana wa Msumbiji kufanya kazi viwandani. Maelfu walikwenda. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989 na viwanda vikaanza kufungwa, wengi wao walirudishwa nyumbani, huku sehemu ya mishahara iliyokuwa ikikatwa wakiwa huko ikiendelea kudaiwa miaka mingi baadaye. Kisa hiki kinahusu barua za mmoja wa vijana hao. Majina, mahali pa kazi na baadhi ya sentensi vimebadilishwa ili familia isitambulike, na familia yenyewe iliridhia kisa kitumike kufundishia.

Kijana alitoka pwani ya kaskazini ya mkoa wa Kabo Delgado, ambako Kiswahili kinasikika sokoni na majahazini. Hata hivyo aliandika kwa Kireno, kwa sababu Kireno ndicho alichofundishwa kuandikia shuleni. Tawi moja la ukoo wake lilivuka mto Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi, kati ya 1964 na 1974, likabaki upande wa Mtwara. Wajukuu wa tawi hilo wanasoma Kiswahili na hawajui Kireno. Wao ndio walioomba barua zitafsiriwe, zikusanywe katika kijitabu cha familia, na zisomwe kwa sauti siku ya mkusanyiko wa ukoo. Kazi ya kutafsiri ilipewa mtafsiri mwenye uzoefu wa nyaraka za mahakama na za afya. Mimi nilikuwa mhariri wake.

Tatizo lilijitokeza kwenye barua ya kwanza kabisa, katika mstari wa mwisho: *com muitas saudades*. Neno hilo la mwisho, *saudades*, lilirudi karibu katika kila barua, na kwenye baadhi ya kurasa lilitokea mara tatu.

Neno lenyewe

Saudade limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya upweke, hali ya kuwa peke yako. Katika Kireno cha zamani maana ilipanuka kidogokidogo, kutoka upweke hadi kile ambacho upweke hukufanya ukifikirie: mtu asiyekuwapo, mahali ulipopaacha, wakati uliopita. Duarte, mfalme wa Ureno aliyetawala kuanzia 1433 hadi 1438, aliandika kuhusu hisia hii, akasema kwamba Kilatini na lugha nyingine alizozijua hazikuwa na neno linalofanana nalo. Kuanzia hapo limebeba sifa ya kutotafsirika, na sifa hiyo huwatisha watafsiri kuliko inavyostahili.

Waswahili wanaijua hisia hii vizuri. Mtu aliyepeleka mwanawe Maskati au Johanesburg hahitaji kufundishwa na Mreno. Tofauti iko katika namna lugha zilivyogawana kazi. Kireno kimefunga pamoja mambo matatu katika nomino moja: kukumbuka kilichokuwapo, kuumwa kwamba sasa hakipo, na kutamani kirudi hata kama hakiwezi kurudi. Kiswahili kinayo yote matatu, lakini kila moja lina neno lake. *Kumbuka* hutazama nyuma. *Ukiwa* na *upweke* hukaa hapa tulipo sasa. *Hamu* na *shauku* hutazama mbele, kwenye kitu ambacho bado mtu anaweza kukipata. Ukichukua neno moja kati ya hayo umepata theluthi ya maana, na theluthi hiyo huja na mambo yake mengine ambayo Kireno hakikuyasema.

Kuna tofauti ya pili, na katika kazi hii ndiyo iliyotusumbua zaidi. Saudade ni kitu. Mreno huwa nazo, huzituma, huziacha, na wakionana *huziua*. Kiswahili hupenda kuliweka jambo la namna hii katika kitenzi, na kitenzi hudai mtendaji na mtendwa: nani amemkumbuka nani? Kireno kinaweza kumaliza barua kwa nomino tupu isiyosema hayo. Mtafsiri wa Kiswahili analazimika kuamua.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Wareno walikaa pwani yetu muda mrefu. Ngome Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 na ikawatoka 1698. Walituachia *meza*, *bendera*, *leso*, *mvinyo*, *gereza*. Yote hayo ni majina ya vitu vinavyoshikika au kuonekana, vilivyokuja pamoja nao. Neno la hisia halikuhamia kwetu, kwa kuwa hisia yenyewe tulikuwa nayo tayari na maneno yake.

Rasimu ya kwanza na ilivyopokelewa

Mtafsiri alianza na kanuni aliyoizoea mahakamani: neno moja la chanzo hupewa neno moja la lengwa, na halibadilishwi. Katika hati ya kiapo kanuni hiyo ni sahihi, kwani neno likibadilika wakili atauliza kama maana nayo imebadilika. Alichagua *hamu*. Kamusi zilimuunga mkono, na katika sentensi nyingi lilikaa vizuri.

Kabla ya kuendelea tulikubaliana asome barua chache kwa sauti mbele ya wazee wa familia, kwa kuwa kijitabu kingesomwa kwa sauti. Mambo yalikwenda sawa mpaka alipofika kwenye barua ya kijana kwa mama yake. Kireno kilisema *tenho muitas saudades da mamã*. Rasimu ilisema: "Nina hamu sana na wewe, mama." Wanawake wawili walitazamana. Shangazi mmoja, ambaye enzi zile ndiye aliyekuwa akimsomea mama mzazi barua hizo zilipofika, alimkatiza kwa upole: "Mwanangu, mtoto wa kiume hamwambii mama yake ana hamu naye. Maneno hayo yana watu wake."

Alikuwa amegusa penyewe. *Hamu* ikifuatwa na kitendo haina tatizo: "nina hamu ya kukuona", "nina hamu ya kuongea nawe". Ikifuatwa na chakula pia ni sawa: "nina hamu na samaki". Lakini ikielekezwa moja kwa moja kwa mtu, bila kitendo katikati, masikio mengi ya Kiswahili husikia matamanio ya mwili. *Kutamani* lina shida hiyohiyo. Kamusi haikuonyesha jambo hili, kwa kuwa maana haimo katika neno peke yake. Imo katika kile kinachokuja baada yake.

Mtafsiri alimuuliza, "Shangazi, wewe ulipokuwa ukimsomea mama, hapo ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nasema, anasema amekukumbuka mno. Mama anaitikia, nami nimemkumbuka. Kisha tunaendelea."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kubwa kwetu. Neno lilikuwa limeshatafsiriwa ndani ya familia hiyo miongo kadhaa nyuma, kwa mdomo, na mtu aliyekuwa akimtazama msikilizaji usoni. Tafsiri yake ilitumia kitenzi.

Maamuzi

Baada ya kikao hicho kulikuwa na mapendekezo matatu mezani. Mjukuu mmoja alitaka *nimekumisi*, kwa hoja kwamba hivyo ndivyo vijana wanavyosema. Mtafsiri alifikiria kuliacha *saudade* lilivyo, na kulifafanua mara moja mwanzoni. Mimi nilipendelea tulipange neno kwa kazi linayoifanya katika kila sentensi, kisha tuone ni wapi kitenzi cha shangazi kinaweza kubeba.

*Nimekumisi* tuliliacha kwa sababu ya umri wa barua. Mwandishi ni kijana wa miaka ya 1980 anayeandika kwa Kireno cha shuleni, chenye adabu. Neno hilo lingemvika nguo za mtu mwingine. Tuliliweka kando pia *nimekukosa*, ambalo baadhi ya wasemaji hulitumia siku hizi kwa maana hii. Kwa wasikilizaji wetu *nimekukosa* ni maneno ya mtu aliyebisha hodi akakuta umetoka.

Kuliacha neno katika Kireno kulijadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Hoja ya mtafsiri ilikuwa na uzito: msomaji angeona kwamba ni neno lilelile linalorudi. Nililikataa kwa barua nyingi kwa sababu moja. Mwandishi hakuwa akiandika neno la ajabu. Alikuwa akimaliza barua kama watu wote wanaoandika Kireno wanavyomaliza. Neno geni lenye herufi za mlazo lingelifanya la kawaida kuwa la pekee, na bibi anayesikiliza angesimama pale ambapo mwandishi hakusimama.

Basi tukapanga.

Kwanza, mwisho wa barua. *Muitas saudades a todos* hapo linafanya kazi ya salamu. Tulitumia kanuni zetu wenyewe za barua: "Nawasalimu nyote, nimewakumbuka." Nomino tupu ilipata mtendaji na mtendwa, na hakuna aliyehisi kimeongezwa kitu, kwa sababu barua zetu huisha hivyo.

Pili, mtu aliye hai na yuko mbali. Hapa kitenzi cha shangazi kilitawala, ila tulizingatia njeo. "Nakukumbuka" mara nyingi ni kumtambua mtu: nakukumbuka, tulisoma pamoja. "Nimekukumbuka" ndiyo kauli ya aliyeguswa. Tulihakikisha pia kwamba *mno* au *sana* halikosekani. Sababu ilijitokeza tulipompa mtu asiyeijua asili arudishe baadhi ya sentensi katika Kireno. Huyu lugha yake ya kwanza ni Kireno na Kiswahili alijifunza ukubwani. "Nimekukumbuka" lililo peke yake alilirudisha kama tukio la dakika moja, mtu aliyekuja akilini akapita. "Nimekukumbuka mno" lilirudi kama saudades bila kusita.

Tatu, mahali na chakula. Katika barua ya majira ya baridi kijana anataja *matapa*, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa karanga na nazi, yaani kisamvu. Hapa *hamu* lilipata nafasi yake halali: "Nina hamu na kisamvu cha nyumbani." Na pale aliposema akirudi atakwenda *matar saudades*, yaani kuziua saudade, Kiswahili kilikuwa na jibu tayari: "nitakata hamu". Kireno huua na Kiswahili hukata, kama tunavyokata kiu. Lakini hamu hukatwa tu ikiwa kitu kinapatikana. Tulilikumbuka hilo tulipofika kwenye kundi lililofuata.

Nne, marehemu. Baba wa kijana alifariki naye akiwa ugenini, bila njia ya kurudi mazikoni. Aliandika: *o pai deixou-nos muita saudade*. Baba katuachia saudade nyingi. *Hamu* hapa ingekuwa kosa la maana, maana hamu huamini kwamba kitu kitapatikana. Mtafsiri aliandika "Baba ameacha pengo kubwa", fungu tunalolijua sote. Wasomaji wa majaribio walilielewa, lakini mmoja alisema linasikika kama tangazo la tanzia la ofisi gazetini. Ni kweli, limetumika mno na wasiomjua marehemu. Tulijadili *majonzi*, *simanzi* na *jitimai*. Yote hayo ni uzito wa huzuni, na hayasemi kwamba kuna nafasi iliyo wazi. Mwishowe tuliandika: "Baba ametuachia ukiwa." Ukiwa ni hali ya aliyeondokewa na mtu wake akabaki peke yake. Limekaribia mzizi wa Kilatini wa saudade kuliko neno jingine lolote tulilolipima, ingawa hatukulichagua kwa ajili hiyo. Tulilichagua kwa sababu linaweza *kuachwa* kwa mtu, kama saudade, na kwa sababu wazee walipolisikia hawakuuliza kitu.

Tano, zilikuwapo sehemu mbili ambazo hazikuingia popote. Ya kwanza ni barua ambayo kijana anasimulia jinsi mwenzake Mjerumani wa kiwandani alivyomuuliza neno analoliandika kila mara ni lipi, naye akajaribu kumweleza. Hapo neno lenyewe ndilo mada. Tuliliacha *saudade*, na mwandishi mwenyewe akalifafanua kwa maneno yake. Ni mahali pekee neno hilo linapoonekana katika Kiswahili cha kijitabu.

Ya pili ni barua ya mwisho, iliyoandikwa baada ya kurudi, kwa rafiki waliyekuwa naye ugenini. Anasema *às vezes tenho saudades daquele frio*. Baridi ileile aliyoilalamikia miaka yote sasa ana saudade nayo. "Nina hamu na baridi ile" lilisikika kama mtu anayetaka feni. "Naikumbuka baridi ile" lilikuwa kweli lakini halikuwa na maumivu wala matamanio. Mtafsiri alijaribu kuliongezea vielezi, "kwa uchungu", "kwa hisia", na kila kielezi kiliifanya sentensi ijieleze badala ya kuhisi. Kilichosaidia ni kuacha kutafuta neno moja na kukubali vitenzi viwili, kimoja cha nyuma na kimoja cha mbele: "Kuna siku baridi ile hunijia moyoni nikaitamani." *Kutamani* tulilolikataa kwa mama halikuwa na shida kwa baridi.

Matokeo

Kijitabu kilikamilika na kikasomwa. Familia haikurudisha maswali kuhusu sehemu hizi, isipokuwa mjukuu aliyetaka kujua kwa nini kisamvu kimeandikwa kisamvu ilhali asili ina *matapa*. Tulimwachia jina la asili kwenye maelezo ya picha. Rafiki wa mwandishi, anayesoma lugha zote mbili, aliisoma barua ya mwisho katika Kiswahili akasema ndivyo ilivyokuwa.

Jambo moja lilipungua, na yeye ndiye aliyeliona. Katika Kireno, barua ya kwanza inaisha kwa *saudades* na ya mwisho inasema *saudades*. Anayesoma mfululizo anaona kijana aliyekuwa na saudade ya nyumbani akiwa ugenini amekuwa mtu mwenye saudade ya ugenini akiwa nyumbani, na neno halikubadilika. Katika Kiswahili chetu barua ya kwanza ina *nimewakumbuka* na ya mwisho ina *hunijia moyoni nikaitamani*. Mwangwi umekatika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kupanga kwa matumizi kabla ya kuchagua maneno. Maneno yenye sifa ya kutotafsirika humvuta mtafsiri aanze na falsafa, atafute neno zito linalolingana na sifa hiyo. Katika barua hizi sehemu kubwa ya saudades zilikuwa adabu ya kawaida, na uzito wa kweli ulikuwa katika sentensi chache tu. Kama kila moja ingepewa uzito uleule, zile chache zisingesikika.

Kusoma kwa sauti kulitufaa kuliko kamusi. Tatizo la *hamu* kwa mama lisingeonekana kwenye karatasi. Mtafsiri ni msemaji wa Kiswahili tangu utoto, na macho yake yalipita juu ya sentensi hiyo kwa kuwa alikuwa akilinganisha maneno na Kireno, hasikilizi nani anamwambia nani. Anayetaka kulijua tatizo hili mapema aipe kila sentensi msemaji na msikilizaji, kisha aulize kama hawa wawili wangeambiana hivyo.

Kurudisha sentensi katika lugha ya asili kulisaidia kwa kiasi. Kulionyesha udhaifu wa "nimekukumbuka" lililo peke yake, ila kwa msomaji mwenye Kireno kama lugha ya kwanza. Mzee wa Mtwara asingekuwa na shida hiyo. Nilikubali *mno* kwa sababu halikudhuru kitu na shangazi mwenyewe alilitumia. Lingekuwa linaharibu mdundo, ningefuata masikio ya wasikilizaji na kuacha jaribio hilo.

Kanuni ya neno moja kwa neno moja haikufaa hapa, lakini kuitupa nayo kuligharimu, na mwangwi uliokatika ni gharama hiyo. Tulijaribu kuipunguza kwa kukifanya *kumbuka* kiwe uzi: tulikiweka kila kilipostahimili, hata mahali ambapo *shauku* lingependeza zaidi, ili sikio likutane nacho mara kwa mara. Kwa barua nyingi uzi huo ulishika. Kwa marehemu na kwa baridi haukushika, na kuulazimisha kungeziharibu sentensi mbili bora za mkusanyiko mzima. Palipokuwa na mvutano kati ya sentensi kusema kweli mahali ilipo na neno kurudi mahali lilipotarajiwa, tuliichagua sentensi. Kwa shairi ambalo lina neno hilo kama kibwagizo ningeamua kinyume, kwa kuwa huko kurudi kwa neno ndiyo kazi ya shairi.

Kuhusu mwangwi wenyewe, rafiki wa mwandishi alipendekeza tuandike sentensi moja chini ya barua ya mwisho, kwamba neno alilotumia hapa kwa baridi ya Ujerumani ndilo alilomalizia barua yake ya kwanza kwa mama. Mtafsiri hakupenda maelezo chini ya barua ya mtu. Familia ilipenda. Sentensi ikawekwa, kwa herufi ndogo, na siku ya kusoma kwa sauti msomaji aliiruka.